Futari ya Kuagiza: Tangazo Zuri Huanza na Saa

Wiki moja kabla ya Ramadhani, simu za wakazi wa Dar es Salaam huanza kupokea matangazo ya futari. Mengi yanafanana: picha ya sinia la kaimati, mihogo iliyozama kwenye tui, glasi ya juisi ya ukwaju, kisha bei na namba ya simu. Msomaji huangalia bei, huangalia picha, akaagiza. Maneno mawili yenye uzito kuliko hayo yote mara nyingi huandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, au hayaandikwi kabisa: oda zinafungwa saa ngapi, na chakula kinafika mitaa ipi. Nimewatazama wapishi wa futari kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba jiko lisilotaja saa ya kufunga oda halijajua bado kazi iliyo mbele yake.

Chakula cha mchana kikichelewa nusu saa, mteja hukasirika kidogo kisha anakula. Futari haina nafasi hiyo. Mwadhini hamngojei bodaboda. Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, jua la Dar es Salaam huzama karibu saa 12:45 jioni siku za mwanzo, na hadi mwezi unaisha limesogea hadi karibu saa 12:35. Dakika kumi hizo zinaonekana chache, lakini mpishi aliyepanga ratiba yake siku ya kwanza na asiirekebishe atajikuta wiki ya nne anachelewa kila siku bila kuelewa sababu, kwa kuwa yeye anatoka jikoni saa ileile.

Tuchukue mfano wa jiko la nyumbani lililo Ilala, nyuma kidogo ya soko, lenye wapishi watatu, majiko mawili ya gesi, majiko mawili ya mkaa na vijana wawili wa bodaboda. Jiko hili linapokea oda za sahani 40 kwa siku. Leo ni mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, pamoja na uji, sambusa, kaimati na tende. Ratiba yake haihesabiwi kuanzia asubuhi kwenda jioni. Inahesabiwa kinyumenyume kutoka kwenye adhana.

Adhana ni saa 12:40. Mteja wa mwisho lazima awe na chakula mkononi saa 12:10, maana naye anahitaji muda wa kupakua, kutandika mkeka na kuwaita watoto. Kila bodaboda ana vituo saba, na kwa kawaida ya foleni za jioni kila kituo kinakula dakika nane, ikiwemo ile ya kusimama getini na kupiga simu isiyopokelewa. Hiyo ni karibu saa nzima, kwa hiyo pikipiki ziondoke saa 11:10. Kufungasha sahani 40 kunataka dakika 40: saa 10:30 kila kitu kiwe kimeshaepuliwa. Sufuria kubwa la mihogo linahitaji karibu dakika 50 kulainika na dakika 20 nyingine baada ya kutiwa tui zito, kwa hiyo liwe motoni saa 9:15. Kabla ya hapo kuna kumenya, kupasua, kutoa ule mzizi wa katikati, kuosha, kukuna nazi na kukamua. Watu wawili wanaanza saa 8:00 mchana wakiwa na njaa na kiu. Na mihogo yenyewe inanunuliwa alfajiri, sokoni kukiwa bado na ile mizuri iliyoingia usiku kutoka upande wa Mkuranga.

Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho wake unaona kwa nini jiko hili linafunga oda za chakula kikuu saa 4 usiku wa kuamkia siku yenyewe, watu wakiwa wametoka Tarawehe. Anayekwenda sokoni alfajiri lazima awe na idadi mkononi. Muhogo ukishang'olewa shambani haudumu; baada ya siku mbili au tatu unaanza kuwa na michirizi ya bluu na kahawia ndani. Mpishi hawezi kununua wa ziada akaweka kusubiri oda za mchana. Sahani moja inataka kama robo kilo ya muhogo uliomenywa, kwa hiyo sahani 40 ni kilo 10, na kwa kuwa maganda na mizizi huondoa zaidi ya robo ya uzito, anahitaji kununua kilo 14 hivi. Nazi anahesabu moja kwa kila kilo, akiongeza mbili kwa zile zitakazopasuliwa zikakutwa zimeoza. Oda kumi zikiongezeka saa 7 mchana, kilichobaki sokoni ni ile mihogo mikavu isiyoiva hata ukiichemsha saa mbili. Mnunuzi mzoefu huivunja kwa mkono: mzuri unakatika kwa mlio na ndani ni mweupe pe, ule unaopinda kabla ya kukatika, au wenye nyuzi nyingi, anauacha.

Si kila kitu kinafungwa saa moja. Sambusa hukunjwa jana yake na kugandishwa, na kaimati ni unga wa ngano na hamira unaoumuka kwa saa moja au mbili tu. Vitafunwa hivi jiko linaweza kuvipokea hadi saa 4 asubuhi ya siku yenyewe. Mkate wa kumimina ni habari nyingine. Mchele wake hulowekwa usiku, asubuhi ukasagwa na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukaokwa mmoja mmoja kwa mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Kila mkate unachukua kama nusu saa. Majiko mawili ya mkaa, kuanzia saa 5 hadi saa 10, hayawezi kuoka zaidi ya mikate 20, na kwa kweli jiko makini litakubali 12 tu, kwa sababu unga uliongoja zamu muda mrefu huchacha na mkate wake hutoka na ladha ya uchungu. Kwa hiyo oda ya mkate inafungwa kabla ya Isha, mchele haujalowekwa, na ina kikomo cha idadi. Ukiona tangazo linaloahidi mkate wa kumimina kwa anayeagiza mchana wa siku hiyohiyo, ujue ama ni wa jana ama hauji.

Menyu ya wiki nayo ina mantiki ambayo mteja haioni. Watu hudhani mpishi anabadilisha vyakula ili kufurahisha ndimi, na hilo lipo, lakini anachogawa hasa ni nafasi ya majiko. Kila siku inabeba kitu kimoja cha kuchemshwa na nazi, kimoja cha kukaangwa, uji, na kitoweo kimoja. Jumatatu mihogo na samaki. Jumanne ndizi mbichi za nazi na nyama. Jumatano viazi vitamu, na mbaazi za nazi zilizolowekwa usiku. Alhamisi mkate wa kumimina na mchuzi wa kuku. Ijumaa magimbi na tambi za sukari. Jumamosi na Jumapili wali au pilau kwa sababu wageni ni wengi. Alhamisi hiyo hakuna sufuria la nazi la kazi kubwa, maana mikono yote iko kwenye mkaa. Mpishi aliyeweka mkate wa kumimina, sambusa na samaki wa kukaanga siku moja amejipangia kuchelewa kabla hajawasha moto.

Kuna jambo jingine la jiko la Ramadhani ambalo halimo katika jiko lolote lingine: wanaopika hawaonji. Wanazuoni wameruhusu mpishi mwenye haja kugusisha ncha ya ulimi na kutema, lakini wengi huona heri kujiepusha. Matokeo yake, chumvi lazima ipimwe. Wapishi ninaowaheshimu wameandika ukutani: karibu gramu 10 za chumvi kwa kila kilo ya mihogo, yaani vijiko viwili vya chai, na hawaongezi kwa kukisia. Mara nyingine yupo msichana wa nyumba ambaye siku hizo hafungi, naye ndiye anayeitwa kuonja. Siku asipokuwepo, karatasi ya ukutani ndiyo ulimi wa jiko. Ukinunua futari mahali pamoja kwa wiki nzima na ladha ya chumvi ikapanda na kushuka, shida si mkono mbaya bali hakuna kipimo.

Sasa tuje kwenye mitaa. Eneo la kupeleka chakula huwekwa kwa dakika, si kwa kilomita, na dakika zenyewe ni za saa 11 jioni, wakati kila aliyefunga anataka kufika nyumbani. Kutoka Ilala, Kariakoo ni jirani kabisa, lakini jioni ya Ramadhani mitaa yake imejaa wauzaji, wanunuzi na mikokoteni, na bodaboda anaingia kwa kusukuma. Upanga iko mbali kidogo zaidi na bado hufikika kwa utulivu. Magomeni iko ng'ambo ya bonde la Jangwani, na hapo ndipo mpishi anatakiwa awe mkweli. Siku kavu ni mwendo mfupi. Mvua za masika zinazoanza Machi zikinyesha sana, Mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro katika bonde hilo hufungwa. Hapo anayezunguka anapoteza saa nzima. Tangazo la haki huandika: Magomeni tunapeleka, ila mvua kubwa ikinyesha tutakujulisha kabla ya saa 8 mchana na kukurudishia pesa au kukuhamishia oda siku nyingine.

Kigamboni jiko la Ilala halipaswi kuahidi. Foleni ya kivuko jioni haitabiriki, na kuzunguka kwa Daraja la Nyerere ni safari ndefu yenye tozo. Mbezi na Mbagala ni vivyo hivyo. Najua wapishi huona vigumu kukataa, hasa mteja anaposihi kwamba hata ikichelewa kidogo si neno. Ikichelewa huwa ni neno. Na gharama ya ukarimu huo hulipwa na wateja saba wengine walio kwenye mzunguko uleule. Njia inayofanya kazi ni kuweka sharti: eneo la mbali linapelekewa kama kuna sahani kumi au zaidi zinazoshuka mahali pamoja, ofisini, kwenye geti la jengo la ghorofa au mlangoni mwa msikiti, na bodaboda mmoja anatoka mapema kwa safari hiyo tu.

Lakini kutoka mapema kuna kikomo chake, maana chakula cha nazi hakitaki kukaa vuguvugu. Kanuni ya usalama wa chakula inayofundishwa na Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukumbuka: kilichopikwa kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60 hadi kinaliwa, na kikiwa kimepoa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto la Dar es Salaam mwezi Machi ndilo hasa ambalo bakteria hulipenda. Mihogo ya nazi ikiwekwa saa 9 kwenye kibakuli cha foili na kufika saa 12, hata kama haijachacha bado, imeshaanza safari hiyo. Jiko makini hubeba hotpoti kubwa mbili kwenye kila pikipiki, au boksi lenye sponji ndani, na vibakuli hupangwa vikiwa bado vinatoa mvuke. Uji huenda kwenye chupa za chai ambazo mteja huzirudisha kesho yake. Dalili za chakula cha nazi kilichoharibika si ngumu kuzitambua: povu dogo dogo juu, harufu kali ya uchachu, na mchuzi unaovutika ukiuchota. Ukiona moja kati ya hizo usipashe moto ukala. Kitupe.

Vya kukaangwa vina shida iliyo kinyume. Sambusa ya moto ikifungiwa kwenye chombo kisichopumua, mvuke wake mwenyewe huilainisha hadi manda inavunjika mkononi. Ifungwe kwenye bahasha ya khaki iliyotobolewa, mbali na kibakuli cha mihogo. Kaimati zikaangwe mwisho kabisa, na shira iende kwenye kikopo chake ili mteja amwagie mwenyewe. Zikitiwa shira jikoni saa 10:30, saa 12:40 zitakuwa zimenywa sukari yote na kulegea. Juu ya yote hayo, mfuko uwe na tende tatu na chupa ndogo ya maji, vimewekwa juu. Bodaboda akikwama Kariakoo na adhana ikamkuta mteja mlangoni, huyo atafuturu papo hapo kwa tende na maji kama sunna inavyosema, na sahani itafuata. Kwa bei ni kitu kidogo sana. Mimi ningeacha kununua katika jiko lisilokifanya.

Na yule bodaboda? Mara nyingi naye amefunga. Ni yeye anayekimbizana na dakika za mwisho kwenye barabara zilizojaa watu wenye njaa. Jiko linalomjali humpa mfuko wake wa futari kabla hajawasha pikipiki, lisimtegemee arudi kula. Pia halimwekei vituo kumi na viwili kwa sababu tu mwezi ni mmoja na faida ni nzuri. Vituo saba vinatosha. Oda zikizidi, aongezwe kijana wa tatu au oda zifungwe.

Mwanzo na mwisho wa mwezi vinahitaji maelewano ya pekee. Ramadhani huanza kwa kuandama kwa mwezi, na kwa Waislamu wengi wa Tanzania tangazo la Mufti hutoka usiku huohuo. Wapo pia wanaofuata mwezi ulioonekana nchi nyingine, nao wanaweza kuanza siku moja kabla. Kwa hiyo siku ya kwanza ya jiko huweza kuwa na nusu ya wateja, na ya pili ikawa na wote. Mpishi mwenye busara huwauliza wateja wake mapema: unafunga na tangazo lipi? Anaandika majina katika orodha mbili. Kwa siku hizo mbili hapiki mkate wa kumimina wala samaki wa Feri waliolipiwa usiku. Anachagua maharage, mchele, uji, vitu vinavyoweza kusubiri siku moja ghalani. Wanaolipia mwezi mzima nao waelezwe kwa maandishi. Mwezi unaweza kuwa wa siku 29 au 30, kwa hiyo malipo yachukuliwe kwa siku 29, na ya thelathini ilipwe usiku ule itakapothibitika. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa sahani moja ya siku ya thelathini ambayo haikuwepo.

Oda za kufuturisha msikitini zisichanganywe na hizi za majumbani. Mtu anapotaka sahani 50 kwa ajili ya waumini, nia yake ni njema na mpishi hupenda kuipokea, lakini sahani 50 ni zaidi ya jiko zima la siku. Zikipokelewa jioni ya kuamkia siku hiyo, ama familia zilizoagiza zitapunguziwa ama watu wa msikitini watapata nusu sahani. Siku mbili kabla ndio muda wa chini, malipo yakiwa yametangulia, na menyu yake iwe ile ya sufuria moja kubwa: wali na mchuzi, tende, maji. Vitafunwa 50 vya kukaanga kwa zamu vitaua ratiba yote.

Kwa mteja, kuchagua jiko kunahitaji maswali machache ya simu. Oda ya kesho inafungwa saa ngapi? Mtaa wangu unafikiwa kabla ya saa 12 na robo? Ikinyesha inakuwaje? Anayejibu bila kusita ameshapiga hesabu yake. Anayesema "wakati wowote tu, dada, popote ulipo" hajaipiga, na wewe ndiye utakayekaa mlangoni ukisikiliza adhana. Ukipata jiko la kweli, lirahisishie kazi: tuma oda kabla ya kwenda Tarawehe, lipa kwa lipa namba usiku huohuo badala ya kutafuta chenji getini, eleza nyumba kwa alama inayoonekana kutoka barabarani, na kuanzia saa 11:15 jioni simu yako iwe karibu. Yule kijana akipiga, pokea mara ya kwanza. Nyuma yako ana nyumba nyingine zinazomsubiri, naye hajala tangu daku.